Mguu Usioandikwa

Mume wangu ana lori moja na alikuwa akiliendesha mwenyewe. Nilipoolewa nilidhani tuko wawili, kumbe tulikuwa watatu, na lori ndilo lililokuwa mke mkubwa. Siku moja kwenye foleni ya malori mpakani Malaba alishuka kukagua taa, na lori lililokuwa mbele likarudi nyuma ghafla. Mguu wake wa kushoto ukabanwa katikati ya magari mawili.

Lori letu lilipona. Yeye alilala hospitalini, kisha nyumbani, miezi mingi, na funguo aliziweka chini ya mto. Hakutaka dereva mwingine aliguse. Tukashtaki, na bima ya lori lile ikakubali kulipa bila kesi kusikizwa. Wakili wetu wa Busia akatuita tukubaliane maneno ya kupeleka kortini.

"Tuliomba vitu viwili," akasema. "Fidia ya mguu, yaani uchungu na kilema, na fidia ya safari mlizokosa. Niandike hivyo?"

"Hiyo ya mguu toa," mume wangu akasema. "Andika yote ni safari. Wale maagenti wa kutoa mizigo forodhani wakisikia dereva ni kilema, unadhani nani atanipatia kazi?"

"Na mguu je, ulivunjika bure?" nikauliza.

"Mama, wacha. Pesa ni ile ile."

Wakili naye akaona jumla haibadiliki, akaandika. Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo sijaimaliza mpaka leo. Deni la hospitali lililipwa, matairi yakanunuliwa, nyumba yetu ya Nambale ikaezekwa, na mume wangu akarudi barabarani akikanyaga klachi kwa mguu ule ule huku ameuma meno.

Kisha watu wa kodi wakatuandikia. Walikuwa wameona ile pesa benki, wakasoma makubaliano ya korti, na makubaliano yalisema yote ni fidia ya mapato yaliyopotea. Basi wakaitoza yote kodi ya mapato. Pesa yenyewe ilishakwisha. Kitu pekee tulichoweza kuuza kikalipa deni hilo ni lori.

Nilimvuta mume wangu mpaka kwa mama mmoja wa Busia anayewashughulikia wafanyabiashara mambo ya kodi. Alisoma, akavua miwani.

"Ya safari mtalipa, hiyo hamuepuki," alituambia. "Mzee angekuwa barabarani angeipata na angeilipia kodi. Lakini ya mguu si mapato. Hakuna mtu anafanya biashara ya kuvunjika. Shida ni kwamba nyinyi wenyewe mmesema mguu haukulipwa, na sasa kazi ya kuonyesha ni yenu, si yao."

Tulikuwa na siku thelathini za kupeleka pingamizi. Alitaka madai tuliyopeleka kortini mwanzoni, barua ya ile bima ikieleza ilivyogawanya hesabu yake, na ripoti ya daktari. Ripoti ilikuwepo tangu wakati wa kesi. Ilisema mguu ule hautaweza tena kazi ya gari kubwa.

"Na bima ya lori lenu inajua hivyo?" akauliza.

Haikujua. Hapo ndipo nilipoona tulivyofungiwa. Tukificha mguu, lori linauzwa. Tukiuonyesha, lori linabaki na dereva wake anashushwa, kwa sababu baada ya kutia sahihi kwamba hawezi, angeendeshaje tena na bima gani ingemlipia akigonga mtu? Mficha maradhi, kilio humfichua, na chetu kilikuwa kimefika mlangoni.

Bima iliyotulipa ilituandikia barua, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa ya mguu. Asubuhi ya kupeleka pingamizi, mume wangu aliitoa fimbo aliyopewa hospitalini, aliyokuwa ameificha nyuma ya kabati, akaingia nayo ofisi ya kodi. Kwenye benchi alikuwa ameketi agenti anayempa mizigo mingi kuliko wote.

"Boss! Kwani mguu umefanyaje?"

Nilimwonea huruma kuliko siku ile ya ajali.

"Ulivunjika," akasema. "Kitambo."

Pingamizi likakubaliwa. Fidia ya mguu ikatolewa kwenye hesabu, ikabaki ya safari, na hiyo tunailipa kidogo kidogo kama tulivyoelewana nao. Lori halikuuzwa. Agenti bado anatupa mizigo, tena kwa moyo mmoja. Alichouliza tu ni jina la dereva mpya.

Dereva ni kijana wa Amagoro, mpole, hana kosa lolote. Mume wangu huamka mapema kuliko yeye, anapima oili, anagonga matairi, anapangusa kioo. Halafu anazunguka na fimbo yake mpaka upande wa pili, anapanda kiti cha turniboi, msaidizi wa dereva, na kijana akianza kuondoa gari, mguu ule wa kushoto unakanyaga sakafu.