Karatasi za Chumba cha Chini

Lorna Dziedzic alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita akiwa karani wa patholojia, katika hospitali ya mji mdogo wa Kessler, kaskazini mwa Ohio. Madaktari walipokata kipande cha nyama mwilini mwa mtu na kukileta maabara, yeye ndiye aliyekisajili, na yeye ndiye aliyechapa kilichoonekana humo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mjane, mwenye miwani ya kamba shingoni. Siri za mji mzima zilipita mikononi mwake na hakuna iliyowahi kufika midomoni. Sheria ilikataza, na hata isingekataza, ndivyo alivyolelewa.

Februari ile uongozi uliamua kwamba ripoti za patholojia zinachelewa. Siku tano ni nyingi mno, walisema, ziwe tatu. Basi akaletwa Brent Hollis, kijana wa idara ya kuboresha kazi, mwenye cheo walichokiita mkanda mweusi ingawa hakuwahi kupigana karate na mtu. Siku ya kwanza alibandika ukutani karatasi ya kaki yenye urefu wa kitanda, akaichora safu tano.

"Hii ni SIPOC," alisema. "Msiogope jina. Huku kushoto kabisa, watu wanaotuletea. Inayofuata, wanachotuletea. Katikati, tunachofanya sisi. Halafu tunachotoa. Na kule mwisho, nani anakipokea. Basi."

"Miaka ishirini na sita nimengoja mtu anieleze ninachofanya," alisema Lorna, akichukua donati.

Marjorie Voss, meneja wa maabara, alicheka hadi kahawa ikamwagika. Yeye na Lorna walianza kazi mwaka mmoja, wakala chakula cha mchana meza moja maisha yao yote ya kazi.

Brent alianzia katikati, kama inavyotakiwa. Hatua zisizidi saba, alisema, tusizame kwenye vijambo vidogovidogo. Wakakubaliana sita: kupokea chupa na kusajili, kukata kipande, kutengeneza slaidi, vile vioo vya hadubini, daktari kusoma, kuchapa na kusaini, kusambaza. Mwanzo ni chupa inapotua mezani kwa Lorna; mwisho ni ripoti inapomfikia aliyeiomba. Kila jibu likaandikwa kwenye kikaratasi cha njano na kubandikwa mahali pake.

Safu ya nne haikuwa na ugumu. Ripoti. Slaidi za kuhifadhiwa. Taarifa kwa watu wa malipo.

"Na nyongeza," alisema Lorna.

"Nyongeza ni nini?"

"Mara nyingine daktari anasaini, lakini kipande kinahitaji kupakwa rangi maalumu ili ugonjwa uonekane, na rangi inachukua wiki. Majibu yakija anaandika nyongeza chini ya ripoti ileile. Mara nyingi haibadilishi kitu. Mara nyingine inabadilisha kila kitu."

Brent akaandika NYONGEZA, akabandika. Kisha akaanza kuvuta mistari. Kila kinachotoka lazima kiwe na mpokeaji, alieleza. Kisipokuwa na mpokeaji, ama tunakitoa bure ama kuna mtu hapati chake. Ripoti ilienda kwa daktari aliyemtuma mgonjwa, kwenye kompyuta yake, na kengele ikalia. Slaidi zilienda ghalani.

"Nyongeza inamfikiaje daktari? Kengele inalia?"

Fundi wa kompyuta aliyekuwa kikaoni akakuna shingo. "Hapana. Ripoti ikishasainiwa, kwenye mfumo imefungwa. Nyongeza inaingia, lakini kwa daktari haionekani kama kitu kipya. Labda aifungue tena mwenyewe."

"Lakini mimi huichapisha," alisema Lorna. "Kila moja. Naiweka kwenye kikapu cha tarishi, naye anaipeleka kwenye masanduku ya madaktari, chumba chao cha mapumziko."

"Lorna, mpenzi," alisema Marjorie polepole, "kile chumba kilifungwa. Walipojenga mkahawa mpya. Miaka miwili sasa."

"Na masanduku?"

Hakuna aliyejua. Brent alibaki amesimama na kalamu mkononi, mstari wake umeishia katikati ya karatasi.

Mchana Lorna hakula. Alimtafuta tarishi, akamuuliza anapeleka wapi karatasi zake. "Chini," yule alijibu, "walikoniambia." Akashuka naye kwa lifti ya mizigo, wakapita vitanda vibovu na mti wa Krismasi wa plastiki, na mwisho wa ukumbi yakasimama masanduku ya madaktari, yameegemezwa ukutani, majina bado yamebandikwa. Mengine yalikuwa yamejaa hadi karatasi zimeanguka sakafuni.

"Nani huja kuzichukua?"

"Sijawahi kuona mtu, mama. Mimi naleta tu."

Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la Daktari Ostrander, kwa sababu kulikuwa na jina moja alilolikumbuka. Alilikuta karibu na chini. Raymond Tomczak, Januari ya mwaka uliopita. Alama ya ngozi mgongoni. Ripoti ya kwanza ilisema haionyeshi ubaya, rangi zinasubiriwa. Nyongeza ilisema ni saratani, ya ile aina isiyongoja, ikatwe tena kwa upana mara moja. Chini kabisa zilikuwepo herufi ndogo za mchapaji, LD.

Ray aliendesha basi la shule na kukaanga samaki kanisani Ijumaa za Kwaresima. Lorna alikuwa amechapa maneno yale kwa mkono wake, akasikitika, na Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima akamkuta Ray amevaa aproni anamtania padri. Alidhani anajua. Aliwaza, mwanaume gani huyu, ana habari kama hiyo tumboni na bado anacheka. Hata alimheshimu kwa hilo. Julai Ray akapata uvimbe kwapani. Novemba wakamzika, na Lorna alipeleka bakuli la viazi na nyama nyumbani kwa mjane.

Alikaa chini sakafuni, na sketi yake ya kazini, hadi tarishi akaogopa na kumpigia simu Marjorie.

Kikao cha pili kilifanyika baada ya siku tisa. Safari hii alikuwepo mwanamke wa idara ya sheria, na karatasi ya kaki ilikuwa imechapwa upya kwa kompyuta, safi, ya ukubwa wa kitabu. Lorna aliisoma mara mbili. Hatua zilikuwa tano. Mwisho wa kazi uliandikwa: daktari wa patholojia anasaini ripoti ya kwanza. Neno nyongeza halikuwemo.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

Brent hakumtazama. "Tumesogeza mpaka wa mradi. Lengo ni zile siku tano ziwe tatu, na hizo zinahesabiwa hadi saini. Kinachotokea baadaye ni... kiko nje."

"Kiko nje ya nini?"

"Ya mradi huu. Kitaingia awamu ya pili."

"Awamu ya pili lini?"

"Lorna," alisema Marjorie.

"Bwana mdogo, wewe mwenyewe ulisema. Kila kinachotoka lazima kiwe na mpokeaji. Mimi sikwenda chuo, lakini hilo nilikuelewa."

Masikio ya Brent yalikuwa mekundu. "Nilisema. Niliiandika kwenye ripoti yangu pia. Wameniambia chora ndani ya mpaka uliopewa." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Samahani, mama."

Mwanamke wa sheria alieleza kwa upole kwamba karatasi za chini zimekusanywa, madaktari wataandikiwa barua, na uchapishaji wa nyongeza kwenye karatasi umesitishwa kwa kuwa ulikuwa hauna faida. Waliokuwa kwenye mradi wasizungumze na familia yoyote. Akawaomba wasaini ahadi hiyo. Marjorie alisaini. Lorna aliomba aende chooni, akachukua koti, akaenda nyumbani.

Marjorie alimfuata jioni ile, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. "Nina miezi kumi na minne nistaafu, Lorna. Nina mume anayesafishwa figo kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa bima ya hospitali ileile. Unataka nifanye nini?"

"Sijakuambia ufanye kitu."

"Basi usinitazame hivyo."

Hawakula tena meza moja.

Ijumaa ya pili ya Kwaresima Lorna alikwenda kanisani kula samaki. Bernadette Tomczak, mjane wa Ray, alikuwa peke yake mwisho wa meza ndefu, anachambua miiba ambayo haikuwepo. Lorna akakaa mbele yake. Alikuwa amepanga maneno wiki nzima.

"Unajua nashukuru nini?" Bernadette alianza kabla yake. "Daktari Ostrander aliniambia ugonjwa ulikuwa wa kasi. Kwamba hata tungekwenda mapema isingesaidia. Kila usiku namshukuru Mungu kwa hilo. Vinginevyo ningekuwa nimeshajiua kwa mawazo."

Lorna aliweka uma chini. Angeweza kunyamaza; alikuwa hodari wa kunyamaza. Lakini kule sakafuni alikuwa ameona jinsi kunyamaza kunavyoonekana kukiwekwa pamoja, karatasi juu ya karatasi.

Akamwambia. Yote, kwa sauti ndogo, huku nyuma yao watu wakigombania kabichi.

Bernadette alisikiliza hadi mwisho. "Nani aliichapa hiyo karatasi?"

"Mimi."

"Kwa hiyo ulijua. Januari ulijua. Ulikuwa unakaa hapa, Ray anakuwekea kipande kikubwa, na ulijua."

"Nilidhani anajua, Bernie. Naapa. Nilidhani daktari—"

"Usiniite Bernie." Hakupaza sauti. "Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kulalia. Kimoja. Umekuja kukichukua, ili wewe ulale."

Akavaa koti lake na kuondoka, sahani ikabaki nusu.

Bernadette alikwenda kwa mwanasheria Aprili. Hospitali ikalipa kitu, kwa sharti la kutosema, na akauza nyumba, akahamia kwa binti yake Arizona. Lorna aliachwa kazini. Kumfukuza kungeleta maswali. Tangu Machi alianza kufanya kitu ambacho hakuna aliyemtuma: kila nyongeza aliyochapa, alipiga simu kliniki, akangoja kwenye laini, akahakikisha mtu aliye hai ameisikia na kulitaja jina la mgonjwa. Siku nyingine ilikuwa simu moja, siku nyingine sita. Alipiga wakati wa chakula, kwa kuwa hakuwa na wa kula naye.

Siku tano zilishuka hadi tatu. Brent alipewa tuzo, akaacha kazi kabla ya Krismasi, akaenda kufundisha hesabu sekondari. Awamu ya pili haikuitishwa.

Oktoba ya mwaka uliofuata mikono ya Lorna ilikataa kuchapa, akaomba kustaafu. Wiki ya mwisho alimweleza msimamizi mpya habari ya simu. Yule dada alimsikiliza vizuri, akafungua orodha ya majukumu ya nafasi ile, akaisoma juu hadi chini.

"Hilo silioni humu, mama Lorna."

"Halimo. Lakini lazima mtu alifanye."

"Nitawaandikia barua wakubwa," alisema, na huenda aliiandika.

Jumatatu iliyofuata Lorna aliamka saa kumi na moja kama kawaida yake, akavaa, akakaa jikoni karibu na simu. Hakuwa na namba ya kupiga wala jina la kutaja. Adhuhuri ilipofika akahesabu kichwani ni chupa ngapi huenda zimetua mezani asubuhi ile, na ngapi kati yake zinasubiri rangi.

Akainua mkono wa simu, akasikiliza ule mlio, akaurudisha.