Nyimbo za Wanachama Pekee

Mimi ndiye niliyemshauri mjomba afungie nyimbo zake. Naliweka wazi mapema, maana kwenye ukoo wetu kuna watu wanaodai wazo lilikuwa la shemeji yangu, na shemeji yangu hajawahi kuwa na wazo.

Mjomba ni manju, kiongozi na mtunzi wa ngoma. Kwetu Usukumani, mavuno yakiisha vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Anayeshinda ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Hakuna jopo la majaji wala kadi za alama. Watu ndio matokeo, na wana miguu. Mjomba alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo na manju mmoja kijana. Wachezaji wake walishamwambia, kwa adabu zote, kwamba akianguka mara ya tatu watahamia kwa huyo kijana.

Mimi nina studio ndogo Nyasubi, hapa Kahama. Napiga video za harusi na za misiba, na tangu zamani nilikuwa napandisha ngoma za mjomba mtandaoni bure. Waliojiandikisha kwenye chaneli walikuwa kama elfu kumi na moja. Wachimbaji wa machimbo ya upande wa Geita walikuwa wanazishusha kwenye simu, wanarushiana, wanazisikiliza wakipanda na kushuka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Mimi niliona huo ni wizi.

Kisha nikaenda semina Shinyanga mjini. Mkufunzi alikuwa ameshuka na ndege Ibadakuli asubuhi ile, amevaa koti kwenye joto lile, akatueleza kwamba kujiandikisha bure ni mapenzi ya mdomoni, shabiki wa kweli analipa. Chaneli ikishafikisha vigezo na kukubaliwa, unafungua uanachama wa kulipia. Unapanga ada ya mwezi, unachagua video za wanachama pekee, na asiyelipa anaona picha na jina la video tu, na kitufe cha kumwambia ajiunge. Niliandika yote kwenye daftari kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilipomweleza mjomba nilitegemea ubishi. Wapi. Chama chake cha ngoma nacho hakiingiwi bure, kuna ada, kuna dawa, kuna mambo ambayo asiyeingizwa haambiwi. Kwake mtandao ulikuwa umechelewa tu kupata akili.

“Na huyo mwenye mtandao anachukua ngapi, mayu?” aliniuliza. Huniita mayu, mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

“Thelathini katika kila mia. Sisi tunabaki na sabini, kodi ikishatolewa.”

“Anacheza?”

“Hachezi, mjomba.”

“Anapiga ngoma?”

Nikamweleza kwamba huyu ni mpole, maana kuna mitandao inayogawana na msanii nusu kwa nusu. Tena mtu akijiungia kwenye programu ya zile simu za bei mbaya, duka la programu la simu yenyewe linaweza kumega kwanza, ndipo mtandao umege, ndipo sisi tuokote. Mjomba akasema hao watu wamesoma.

Tukapanga ada shilingi elfu tano. Kwa kila mwanachama tulikuwa tunabaki na elfu tatu na mia tano, kwa hesabu ya mtu asiyekumbuka kodi. Mwezi wa tano nikarekodi nyimbo zote sita mpya, kali kweli kweli, nikazifungia zote. Si moja au mbili. Zote. Mkufunzi alikuwa amesema usimpe ng'ombe nyasi kabla hajaingia zizini, na mimi nikamwamini mtu ambaye nina hakika hajawahi kuswaga hata mbuzi.

Wakaingia wanachama arobaini na watatu. Wa Dar es Salaam, wa Mwanza, mmoja yuko Omani, wawili Ulaya. Watu wenye kadi ya benki, au wanaojua kutengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu. Kila mmoja akapata alama ndogo mbele ya jina lake, na mjomba akapenda zile alama kuliko chochote. Aliumia wawili walipojitoa mwezi uliofuata. Kwenye chama chake, ukishaingizwa umeingizwa. Ilibidi nimweleze kwamba hawa wanaondoka mwezi wowote, na mlango unajifunga nyuma yao.

Pesa zenyewe hazikuja mbio. Mtandao haulipi mpaka salio lifike dola mia, kwa hiyo mwezi wa kwanza tulipata heshima ya kuziangalia tu kwenye kioo. Barua yao kutoka ng'ambo, yenye namba ya kuthibitisha anwani, nayo ilikuja kwenye sanduku la posta la parokia, maana ndilo sanduku pekee nililolijua, na padri akaniuliza kama nimehusika na kitu kibaya.

Ikafika siku ya mashindano. Uwanja umejaa, vumbi limesimama. Mimi nimeweka kamera kwenye miguu yake mitatu, narusha moja kwa moja kwa wanachama pekee, najiona mtu wa maana.

Mjomba akaingia, akaanza wimbo wa kwanza mpya. Akatupa sauti, akanyamaza, akasubiri kiitikio.

Waliitikia wachezaji wake ishirini na sita. Umati ulisimama ukimtazama. Watu hawakuwa na ubaya naye, walikuwa wamekuja kwake kwanza kama miaka yote, lakini hawakuujua ule wimbo. Miaka yote walikuja wameshazimeza nyimbo zake, wamezibeba kutoka machimboni na mashambani kwenye visimu vyao, na manju akitupa sauti uwanja mzima unamrudishia. Upande wa pili yule kijana alikuwa anaimba vitu vilivyorekodiwa kwa simu iliyopasuka kioo, vinatikisika, vya bure. Kila mtu alikuwa navyo. Kiitikio chao kilikuja kikatupiga kifuani.

Watu wakaanza kuhama. Mmoja mmoja, kisha kwa mafungu, wengine wakiinamisha kichwa kwa aibu wakipita mbele ya mjomba. Akaimba wa pili. Akaimba wa tatu. Kwenye simu yangu zile alama arobaini na moja zilikuwa zinaandika “moto” na “hakuna kama wewe”. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipomaliza alinijia, jasho linamtiririka, akaomba aione simu. Akasoma majina taratibu.

“Hawa waliolipa,” akasema, “nani yuko hapa?”

“Hakuna, mjomba.”

Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni. Angenitukana ningelala vizuri.

Kesho yake asubuhi wachezaji kumi na saba walikuja nyumbani kwake. Wakapiga magoti, wakamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa kila mmoja wao, mara kumi na saba. Wakaaga. Walipotoka getini akaniambia nifungulie watu nyimbo. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, unabadilisha kutoka “wanachama pekee” kwenda “kwa wote”, basi. Wanachama wakaanza kujitoa, na walikuwa na haki, nani alipie kilichoko bure.

Siku ya sita nilikwenda sokoni kununua mchele. Muuzaji alikuwa na simu pembeni ya mzani, wimbo wa kwanza wa mjomba unalia. Sauti yake ikatupwa, ikanyamaza. Yule mama akaitikia bila kuinua kichwa, neno kwa neno, na mteja wake akaitikia, na wapakiaji wa magunia kule nyuma wakaitikia.