Vijiko Vinne kwa Siku

Kocha yule hatulii. Hata chai huinywa amesimama, na wanariadha wake wamempa jina la Mwiba. Wiki ile alizidi: mchujo wa mita elfu kumi ulikuwa siku tisa mbele, na binti wa kaka yake, ambaye ndiye tumaini lake lote, hakuwa akimaliza mazoezi bila kukimbilia chooni mara mbili.

"Umekula nini wewe?"

"Chakula cha kila siku, shangazi. Na unga wangu."

Unga ulikuwa wa protini, wa kopo, wa njegere, soya na mchele, ladha ya chokoleti. Mwiba mwenyewe ndiye aliyeupanga. Binti ana kilo sitini. Kila kilo inataka gramu moja na nusu hivi ya protini, jumla tisini na ushee. Kijiko cha kopo kina gramu ishirini na nne. Basi vinne kwa siku, hesabu imefungwa. Miezi mitano sasa.

Alipobaki peke yake katika stoo ya vifaa, aliligeuza kopo. Utamu wake ulitokana na sorbitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, na chini yake maandishi madogo: ikizidi huharisha. Hilo lingeweza kusameheka. Akatoa cheti cha maabara alichomdai muuzaji na kukitembeza uwanja mzima kwa majivuno: madini ya sumu, yaani risasi, arseniki na kadimiamu, yote chini ya kiwango. Leo ndipo alipousoma mstari wa juu: vipimo ni vya kijiko kimoja kwa siku.

Akazidisha kwa nne. Risasi ikavuka kiwango, tena kwa mbali. Mimea huvuta madini hayo ardhini, mchele na kakao hasa, na mwilini risasi haiondoki upesi. Kibaya zaidi, maharage, mayai, samaki na maziwa ya mezani hakuyahesabu hata gramu. Aliandika mlo wa jana wa binti nyuma ya cheti: chakula peke yake kilikaribia themanini. Kijiko kimoja kingetosha, na siku nyingine kisingehitajika kabisa. Mwiba aliogopa, na aibu ikamwasha masikio.

Alimkuta binti akifunga kamba za viatu, akamweleza yote bila kujitetea.

"Kuanzia leo unaacha. Kesho asubuhi tunakwenda kupima damu. Mchujo utajijua."

Binti hakushtuka. "Kopo limeandika kimoja tu, shangazi. Niliona siku ya kwanza."

"Uliona? Sasa mbona ulinywa, mwanangu? Tumbo linakuuma miezi mitano, mbona hukusema?"

Binti alimtazama kana kwamba swali lenyewe halina maana.

"Wewe ulisema vinne. Nikajua kopo ndilo limekosea."