Vishuka Visivyo Kwenye Orodha

Wauguzi walimwita Bibi Shuka, na hakuna aliyekumbuka jina lake lingine. Miaka thelathini na moja alishona shuka na mapazia ya hospitali kwenye chumba kimoja nyuma ya jengo la dobi. Mdomo wake nao ulikwenda sambamba na cherehani.

Wiki tatu kabla hajastaafu, binti wa jarida la hospitali alimwomba asimulie maisha yake. Makala ingetoka kwa sauti yake mwenyewe: mimi hivi, mimi vile. Nafasi ya kukaa naye hakuwa nayo, basi akamtumia sauti kwa simu, vipande kumi na vinne, cherehani ikinguruma nyuma.

Binti alirudi na karatasi, akamsomea. "Katika safari yangu ndefu, nimejifunza kuwa huduma ni wito."

Bibi Shuka alicheka mpaka akashika meza. "Mama huyo ni nani, mwanangu? Mwambie aje anisaidie kupiga pindo!"

"Nilitaka upendeze, mama."

"Umenivika kilemba cha ukoka. Na vile vishuka vidogo viko wapi?"

Hapo kicheko kilikatika. Vishuka vile alivikata kwenye mabaki, vya kuwafunika watoto waliozaliwa bila kulia. Havikuwa kwenye orodha ya kazi, hakuna bosi aliyeviagiza. Akiondoka bila vitu hivyo kuandikwa, fundi mpya atajuaje? Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya akubali kuhojiwa.

Binti alikiri kwamba alivifuta. Aliona vinahuzunisha, tena mama alivitaja kwa kurukaruka, kidogo kipande cha tatu, kidogo cha kumi na moja. Akafungua simu yenye maneno yote kama yalivyosemwa, wakakaa bega kwa bega. "Yaani" arobaini zikatupwa, zikabaki mbili, maana bila hizo si yeye. Vipande vya vishuka vikaunganishwa, vikapelekwa mwanzo. Wito na safari ndefu vikaenda na maji.

Binti akasoma upya: "Nilikishona cha kwanza huku nalia..."

"Sikusema nalia."

Wakasikiliza sauti. Kweli: "Nilikishona, yaani, nikanyamaza siku nzima." Binti akaona haya, akayarudisha maneno yalivyokuwa.

"Sasa huyo ni mimi," alisema Bibi Shuka, akampa ruhusa ya kuchapa.

Jarida lilitoka Jumatatu. Alhamisi fundi mpya, mwanamke mkimya, alikuja kukabidhiwa funguo. Jarida alikuwa amelikunja mkononi.

"Shangazi, umesema vidogo. Vidogo kiasi gani?"

Bibi Shuka alitafuta futi ya kupimia, akaiacha mezani. Akakunja mkono wake wa kushoto kifuani, kama aliyebeba mtoto mchanga.

"Pima hapa," alisema.