Mayai Yenye Wingu

Khadidja wa Buyenzi hakuwa mtu wa kusukumwa. Mumewe alipofariki, ndugu walimshauri arudi kwa kaka zake akatulie. Akawashukuru, akawapa chai, kesho yake akabeba jiko la makaa na kikaango hadi Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, akakaa kando ya ukuta wa ghala la saruji na kuanza kukaanga mayai. Wapakiaji wa malori walimzoea. Hata katika vita, barabara zilipokuwa zikifungwa na kufunguliwa kwa matakwa ya wenye silaha, moshi wa Khadidja ukionekana asubuhi watu walijua kuna kazi.

Mayai aliletewa na Caritas, mfugaji wa Kanyosha, mtaa wa upande wa pili wa vizuizi, mwanamke mpole mwenye miguu ya kutembea. Akishauza, Caritas hupitia kiwanda cha bia, akapata machicha pamoja na chachu iliyobaki, akarudi nayo mgongoni kwa ajili ya kuku wake. Chakula cha kuku madukani kilikuwa kimeadimika, naye hakukubali kuku wake wafe njaa kwa sababu wanadamu wameamua kuuana.

Kisha vijana wa vizuizi vya barabarani wakatangaza ville morte, mji ufe, kila mtu akae ndani. Siku zikapita. Khadidja alibakiwa na trei nzima nyumbani, na joto la Bujumbura mnalijua. Akaona ajitahidi: akayaosha mayai yote kwa maji ya ndoo, akayafunika kwa kitambaa kibichi yapoe, na kila jioni akakilowesha tena. Alijisifu kimoyomoyo. Trei hiyo alishamwahidi Chabani, kiongozi wa wapakiaji, kwa sababu mkewe Mawazo alikuwa amejifungua na alihitaji chakula cha kumrudishia nguvu.

Mji ulipofunguliwa, Khadidja alibeba trei ile na kuwasha jiko mapema. Caritas naye alifika na kikapu cha mayai yaliyotagwa alfajiri ile ile. Kwa mara ya kwanza alikuwa ametembea bila kusimamishwa hata kizuizi kimoja. Khadidja akapasua yai la kwanza la kikapu hicho kwenye bakuli jeupe, mbele ya wateja wenye njaa ya wiki nzima.

Chabani, aliyekuwa amesimama karibu kabisa, akainama.

"Mama Khadidja, angalia hiyo. Iko na wingu."

Kweli ute wake haukuwa mwangavu. Ulikuwa mzito, mweupeweupe kama maji ya mchele, na ukiutazama pembeni una kijani hafifu.

"Mayai ya siku zote haiko hivi," Chabani akasema, na sauti yake ikapanda ili wengine wasikie. "Hii inatoka Kanyosha. Mi najua watu wa kule. Wametia dawa."

Wanaume wakaweka sahani chini. Wawili wakaondoka bila kuaga, na Khadidja aliwaona wakisema na wenzao kwenye geti la jirani. Akaogopa, nami simlaumu. Mwaka ule neno sumu halikuhitaji ushahidi. Lilimtangulia mtu njiani na kumngojea kwenye kizuizi. Angeweza kusema tu, "Kweli, nitanunua kwingine," na biashara yake ingepona. Caritas ndiye angerudi nyumbani peke yake na neno lile.

"Apana," Khadidja akasema. "Hakuna mutu anaondoka. Tutaangalia."

Akachukua visahani. Kwenye kimoja akapasua yai jingine la Caritas: wingu lile lile, kijani kile kile, na kiini kimekaa juu kama kifungo. Akalinusa. Hakuna harufu. Akatoa trei ya Chabani chini ya kitambaa, akapasua moja kwenye kisahani cha pili. Ute wake ulikuwa mwangavu, ukatambaa mpaka ukingoni.

"Hiyo ndiyo yai," Chabani akasema kwa ushindi. "Nipe zangu, niende."

"Ngoja."

Akapasua la pili la trei. Ute ulikuwa wa waridi, kama maji yaliyosuuziwa nyama. Akapasua la tatu, nalo likawa hivyo hivyo. Harufu ilikuwa ndogo sana; mtu mwenye haraka asingeisikia.

Rénovat, kijana wa maabara ya kiwanda cha bia, ambaye hula hapo kila siku, akasogea. Akauliza mayai yale yaliwekwa wapi. Khadidja angeweza kunyamaza. Akasimulia yote, ndoo, kitambaa kibichi, na maji ya kila jioni.

"Ganda lina vitundu, Mama," Rénovat akasema. "Ukiliosha na kuliacha na maji, mikrobu, wale wadudu wa kuozesha, inapita ndani. Hiyo rangi ya waridi ni mikrobu. Yai la hivyo halipikwi, halionjwi, hata kama halinuki. Unatupa tu."

"Na hii ya wingu?" Chabani akauliza, bado na ukali.

Caritas, aliyekuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili, akajibu mwenyewe. "Baba Chabani, iko na wingu kwa kuwa ni ya leo. Kila asubuhi naziona nyumbani. We hujaziona kwa sababu barabara zinanichelewesha siku mbili tatu, mayai zinafika hapa zimeshakuwa safi kama maji."

"Ni hewa," Rénovat akaongeza. "Yai likitagwa lina gesi ndani, inaleta wingu. Siku zikipita inatoka kwenye vitundu na wingu linaisha."

"Na kijani?"

Rénovat akacheka kidogo. "Kijani inatoka kwetu. Chachu iko na vitamini, na ile vitamini ndiyo yenye rangi hiyo. Kuku anaila, inapita kwenye ute. Kijani hafifu kama hiki, yai bichi halinuki, kula. Ukiona kijani kinang'aa, au kinanuka, tupa pamoja na zile za waridi."

Chabani akalikodolea bakuli. Si mtu wa kushindwa na maneno, na wengine pia walikuwa wanangoja. Basi Khadidja akamimina yai lenye wingu kwenye mafuta, akalikaanga mpaka likaiva lote, akalikata katikati. Nusu akala yeye, nusu akampa Caritas. Wakala wamesimama, polepole, wakimtazama Chabani usoni.

Kisha Khadidja akabeba trei nzima. Mpakiaji mmoja akamwomba ayachague mazuri, kwani si yote yana waridi, na njaa ilikuwepo. Hata yeye moyo ulimuuma. Lakini yote yalikuwa yameoshwa ndoo moja. Akayatupa kwenye shimo la taka moja baada ya jingine, akafukia kwa majivu na udongo, akarudi kunawa mikono na kusugua visahani kwa sabuni na maji ya moto.

Alipogeuka, alimkuta Chabani bado anatazama lile shimo.

"Mawazo angekula leo," akasema taratibu. "Na mutoto ananyonya."

Akavua kofia yake, akaigeuza, akamnyooshea Caritas.

"Mama, niwekee zile za wingu."

Caritas akampangia humo. Chabani akamlipa, kisha badala ya kushika njia ya kwake Buyenzi, akasimama kando yake na kungoja afunge kikapu.

"Wale wawili wameshapeleka maneno yangu mbele," akasema. "Twende pamoja."

Kwenye kizuizi cha kwanza vijana walikuwa wameshasikia. Chabani akatangulia, akawaonyesha kofia iliyojaa mayai. "Haya ni ya mke wangu," akawaambia. "Nimeyanunua kwa huyu." Akasema hivyo kwenye kila kizuizi, mpaka daraja la mto Kanyosha.