Vifaranga wa Bi Sikuzani

Tangazo lile nililipiga chapa mimi mwenyewe, Salme, karani wa shule, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nilikata stensili, nikazungusha mashine, nikabandika nakala kwenye mbao zote za matangazo: "Kwa kuwa bei ya mafuta yanayoendesha mitambo ya umeme imepanda, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote wanaombwa kuzima taa na feni wasipozihitaji. Kuanzia leo, swichi za mabanda na ghala zitazimwa saa kumi na mbili jioni bila udhuru."

Ilikuwa Julai, mwaka wa sabini na nne, na Tabora ya Julai jua likizama baridi inakuingia hadi kwenye mifupa. Nani angewasha feni? Lakini waraka ulitoka juu ukiwa na neno feni, nasi tukaliandika.

Bi Sikuzani Ngollo alikuwa kibarua wa mradi wa kuku, mradi wetu wa kujitegemea. Mjane wa mtaa wa Ng'ambo, mwembamba, hana makuu. Miaka sita alizoa mavi ya kuku kwa ahadi ya kuajiriwa. Safari hii aliahidiwa kwa dhati: vifaranga mia moja walioletwa kwa treni kwenye maboksi wakifikia kutaga, jina lake litapelekwa wilayani. Vifaranga wale hawakuwa na mama. Mama yao alikuwa taa mbili zilizoning'inia ndani ya uzio wa mabati, zikiwaka usiku kucha.

Jumatano alikuja ofisini, kandambili ameziacha mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Bi Sikuzani. Kuna nini?" Mwalimu Mahona alikuwa amechoka. Alishazima taa ya ofisi yake mwenyewe, anasoma barua kaegemea dirisha.

"Zile taa za banda, baba. Vifaranga bado wana siku tano tu."

"Nikiwaruhusu kuku, kesho bweni nalo litataka. Kuku walilelewa kabla ya umeme kufika nchi hii."

"Walilelewa na mama zao," alisema.

Nilidhani Mwalimu Mkuu atacheka. Alichukua karatasi nyingine. Mimi nami niliendelea kupiga chapa, na hilo linanikera mpaka leo, maana maneno manne ya nyongeza hayakuwa kazi kwangu.

Banda liliezekwa kwa nyasi, moto haukuruhusiwa humo. Basi Bi Sikuzani akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Jioni aliwarudisha vifaranga kwenye maboksi yao, akajitwika, akaenda nao Ng'ambo. Aliwalaza jikoni, katikati yao ameweka chungu cha maji ya moto kilichozungushiwa kanga, na kila maji yakipoa anachemsha mengine. Asubuhi, kabla ya kengele, walikuwa bandani wakilialia. Siku nne hakufa hata mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mvuta moshi.

Jumapili jioni Mwalimu Hilali, msimamizi wa mradi, alipita kuhakikisha swichi imezimwa. Akakuta banda tupu.

Jumatatu niliandika barua ya onyo. Mali ya umma hailali nyumbani kwa mtu. Akirudia, atapelekwa polisi kwa wizi. Nilimsomea, maana kusoma hakujui, akabandika kidole gumba.

"Nimeiba nini, mwanangu?" aliniuliza. "Sikuchukua hata unyoya."

Niliona aibu, nikampa kitambaa afute wino.

Jioni ile aliwafunika vifaranga kwa magunia, akaenda nyumbani mikono mitupu. Jumanne asubuhi tuliwakuta wamerundikana kwenye kona moja, kila mmoja akitafuta joto chini ya mwenzake, wa chini wamekosa pumzi, wa juu wamekufa kwa baridi. Walipona kumi na tisa.

Mwalimu Mahona alikuja, akawatazama kutoka mlangoni.

"Washeni taa," alisema. Kisha akanigeukia. "Bi Salme, ongeza kwenye tangazo: isipokuwa banda la kuku."

Niliongeza. Dakika moja tu. Kibarua cha Bi Sikuzani kiliota nyasi wiki ileile, kwani kuku kumi na tisa hawahitaji mtu, walisema, wanafunzi wanatosha. Siku ya kuondoka alinikuta nikibandika tangazo jipya, akaniomba nimsomee. Nikamsomea.

"Pale penye kuku," alisema, "rudia."

Nikarudia. Akaniomba nimwonyeshe ni maneno yepi hasa. Nikayawekea kidole. Aliyatazama kwa karibu, yale maneno manne, akashangaa yalivyo madogo.