Mzani Uliosema Hajapungua

Nilipohamishiwa Babati kuwa afisa lishe, mkoa ulikuwa bado mpya na dawa za saratani hazikutolewa mjini. Wagonjwa walipanda basi kwenda hospitali ya rufaa nje ya mkoa, wakatundikiwa kemo, kisha wakarudi kwetu kupimwa damu na uzito kabla ya mzunguko mwingine.

Mmoja wao alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Bagara, mama wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa na saratani ya utumbo mpana. Alikuja na mumewe baada ya mzunguko wa pili. Akapanda kwenye mzani: kilo hamsini na nane, zilezile alizoanza nazo kemo.

"Mungu mkubwa, hajapungua," mumewe akasema.

Nami nilitaka kufurahi, lakini mashavu ya mama yalikuwa yamebonyea.

"Mama, kabla hujaugua ulikuwa na kilo ngapi?"

"Sitini na nne, mwanangu."

"Na sasa unakula nini?"

Alimtazama mumewe kwanza. "Juisi ya bitiruti. Na matunda kidogo."

Mumewe akaeleza kwamba jirani amewaambia wanga na nyama vinailisha saratani, kwa hiyo ugali umekatazwa nyumbani. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu aliyejinyima mwenyewe ili amwokoe mke wake.

Nilichukua tepu nikampima mama unene wa mkono wa juu. Kabla ya kemo tuliandika sentimita ishirini na saba. Sasa ilikuwa ishirini na nne. Nikambonyeza mguu juu ya kifundo, na shimo la kidole changu likabaki pale. Nikamwomba anibane mkono kwa nguvu zake zote. Nikasubiri abane, kumbe alikuwa ameshabana.

"Mkasi sasa unanishinda," akasema. "Vitambaa vya wateja anakata binti yangu."

Hapo nilielewa. Misuli ilikuwa imeyeyuka, na maji yaliyojaa miguuni yamechukua nafasi yake kwenye mzani. Nikamwita daktari. Alimpima moyo, figo na mishipa ya miguu, asije akawa na damu iliyoganda, na vyote vikawa salama. Protini kwenye damu ndiyo iliyokuwa chini sana. Mama akafungua mdomo, tukaona vidonda.

Mumewe akasimama. "Basi mtundikieni dripu ya chakula, daktari. Leo hii."

"Baba, hiyo tuliyo nayo ni maji na sukari," nikamjibu. "Haijengi msuli, na maji mwilini tayari yamezidi. Utumbo wake unafanya kazi. Tutapitisha chakula mdomoni, na akishindwa kabisa tutapitisha mpira puani."

"Na saratani ikila pamoja naye?"

"Saratani haisubiri ugali. Asipokula, inakula misuli yake."

Akakaa. Sikutaka kumdanganya mama, nikamwambia kwamba ugonjwa wenyewe unachoma mwili, chakula peke yake hakitamrudishia kila alichopoteza. Lakini tungeweza kuzuia kupungua zaidi, ili avumilie dawa.

"Niambie nifanye nini," akasema. "Nitafanya."

Daktari alimpa dawa ya vidonda, na ya kichefuchefu ya kumeza nusu saa kabla ya kula. Mimi nikaandika chakula kidogo kila baada ya saa mbili, awe na njaa au asiwe nayo: uji wenye karanga za kusaga na maziwa yaliyochemshwa, mayai yaliyoiva kabisa, perege wa ziwani aliyechambuliwa miiba na kupondwa na mafuta. Ugali laini ukarudi. Kila siku atembee hadi barabarani, na ainuke kitini mara kumi bila kushika kitu. Daktari alipiga simu hospitali ya rufaa akawasomea vipimo vyote, mkono na miguu pamoja na kilo. Wakaahirisha mzunguko kwa wiki mbili.

Zilipokwisha walirudi. Mzani ukasoma hamsini na tano. Mumewe akashika kichwa.

"Tumemuua!"

"Subiri, baba."

Nilibonyeza mguu, shimo halikubaki. Mkono ulikuwa ishirini na nne kamili, haujapungua hata kidogo. Vidonda vimekauka. Daftari la binti yao lilionyesha milo sita karibu kila siku, na siku mbili za kutapika zimeandikwa bila kufichwa.

"Yaliyotoka ni maji," nikawaambia. "Sasa ndiyo tunajua uzito wake wa kweli."

Mama akacheka, mara ya kwanza mbele yangu. "Kwa hiyo nimepungua na nimeshinda?"

"Ndiyo, mama."

Kule hospitali ya rufaa wakapanga dozi upya kwa uzito huo, wakaipunguza kidogo. Mzunguko wa tano ulimwangusha, akashindwa kula siku nne, na tulikuwa tumeshaandaa mpira alipoanza tena kumeza uji. Alimaliza mizunguko yote. Mkono wake haukurudi ishirini na saba. Uliishia ishirini na tano, na sentimita ile moja ilituchukua miezi minne.